Kivimbe kigumu cha kahawia mguuni, na kishimo kilichokitofautisha na kidoti

Mgonjwa huyu aliingia akiwa ameshaamua. Mwanamke wa miaka 36, ngozi yake maji ya kunde, alikaa, akapandisha sketi hadi chini ya goti na kuninyooshea mguu wa kushoto hata kabla sijamaliza kusoma karatasi aliyokuja nayo. Upande wa nje wa mguu, katikati ya goti na kifundo, palikuwa na kidude cha mviringo, kahawia iliyoiva karibu na weusi.

“Daktari, mimi nimekuja kikatwe. Leo leo kama inawezekana.”

Karatasi ya rufaa iliandikwa hivi: kidoti cheusi mguuni, kigumu, hakina kishimo, tafadhali kiondolewe. Kisa chenyewe kiko katika maneno hayo mawili, hakina kishimo, yaani kwamba kivimbe hakizami ngozi ya pembeni yake ikisukumwa. Yangekuwa kweli, tungekwenda njia moja. Hayakuwa kweli, na sababu yake ni jinsi vidole vilivyowekwa. Nakiandika kisa hiki kwa urefu, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asitambulike, kwa sababu kosa lile nimeliona likirudiwa na watu wazuri wenye nia njema, na linamgharimu mgonjwa kovu asilolihitaji.

Nilianza na historia, maana kwa kitu cha namna hii historia ina uzito kuliko macho. Kilianza lini? Miaka mitatu hivi. Kilianzaje? Anakumbuka kuumwa na mdudu mahali pale, pakawasha siku kadhaa, akajikuna, kisha pakabaki kipele kigumu ambacho hakikupona. Kiliongezeka kwa muda gani? Hapo alifikiri kidogo. “Miezi mitatu minne hivi. Halafu kikakaa.” Kimekaa vile vile mpaka leo? “Ukubwa ndiyo. Ila naona kimekuwa cheusi zaidi, na nikinyoa miguu wembe unakigusa, kinauma kidogo.” Kimewahi kutoa damu chenyewe, bila kuguswa? Hapana. Kuna vingine mwilini? Hapana, kimoja tu. Dawa za kushusha kinga ya mwili, lupasi, VVU? Yote hapana.

Kilichomleta sasa, baada ya miaka mitatu, ni dada yake, aliyemwambia kwamba kidoti kikiwa cheusi na kigumu ni saratani ya ngozi. Hofu hiyo siidharau. Melanoma, saratani ya seli za rangi za ngozi, ipo na inaua, na mtu mwenye ngozi nyeusi mara nyingi hufika hospitali ikiwa imeshakwenda mbali. Lakini kwa watu wenye ngozi nyeusi melanoma hupenda zaidi nyayo, viganja na chini ya kucha, kwa hiyo nilimvua viatu na kutazama nyayo zote mbili na katikati ya vidole, kisha kucha moja moja. Palikuwa safi. Kazi hiyo huchukua dakika moja, na mara nyingi husahaulika kwa sababu macho ya wote yako kwenye kile kidude alichokuja nacho mgonjwa.

Ndipo nikakigusa. Nilipima kwa rula: milimita 7 kwa 6. Kilikuwa kimeinuka kidogo tu, pengine milimita moja juu ya ngozi, lakini ukipitisha ncha ya kidole juu yake unakuta ugumu unaoenda chini, kama kifungo cha shati kilichoshonewa ndani ya ngozi. Nilijaribu kukisogeza kulia na kushoto. Kilisogea, na ngozi iliyo juu yake ikasogea nacho. Hakikuganda kwenye mfupa wala kwenye msuli. Ngozi ya juu haikuteleza juu yake hata chembe.

Nilikuwa na daktari kijana anayejifunza. Nilimwomba afanye kipimo cha kishimo bila kumwelekeza lolote, ili nione. Alikishika kile kivimbe chenyewe kati ya kidole gumba na cha shahada, akakiminya kama mtu anavyotumbua chunusi. Bila shaka kilinyanyuka. “Hakina kishimo, mzee,” akasema, na nikajua papo hapo karatasi ya rufaa iliandikwaje.

Ukikishika kivimbe chenyewe na kukiminya, kitapanda juu, kiwe nini kiwe, kwa sababu vidole vyako viko chini ya mabega yake na vinakisukuma nje. Unachotaka ni kuisogeza ngozi iliyokizunguka, kivimbe kibaki huru kufanya kinachotaka. Kwa hiyo nilimwambia mgonjwa akunje goti kidogo na kuulegeza mguu, maana ngozi ya mguu wa chini ikiwa imevutika, hasa ile iliyo juu ya mfupa wa muundi, haikubali kukunjika na kipimo kinakuwa bure. Nikapangusa mafuta aliyokuwa amejipaka, kwa sababu vidole vinateleza. Nikaweka kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, kila kimoja kama nusu sentimita nje ya ukingo wa ile kahawia, juu ya ngozi nzima. Kisha nikavileta vidole karibu polepole, nikiisukuma ngozi kuelekea katikati bila kubonyeza chini. Taa niliisogeza ije kwa ubavu, kwa sababu mwanga wa kutoka juu hufuta kivuli, na kivuli ndicho unachokitafuta.

Ngozi ya pembeni ilianza kuvimba juu kama inavyofanya ngozi yoyote ukiisukuma. Katikati kile cha kahawia hakikufuata. Kilizama. Pakatokea shimo dogo, la kina cha milimita moja au mbili, na ngozi ya jirani ikisimama kama ukingo wa sahani. Nikalegeza, kikarudi. Nikageuza vidole robo mzunguko, nikasukuma kutoka juu na chini badala ya kulia na kushoto. Kikazama tena.

“Mbona kimeingia ndani?” mgonjwa akauliza, akiinama kutazama. “Kama dimpozi.”

Alikuwa na kidoti halisi kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, ambacho anacho tangu utotoni: laini, kahawia, kimeinuka kidogo. Nilimwomba daktari kijana afanye vile vile pale, vidole nje ya ukingo, taa ya ubavu. Kidoti kilipanda na ngozi yake, kikajikunja kidogo na kukaa kileleni mwa mkunjo. Mtu mmoja, vidole vile vile, nguvu ile ile, matokeo mawili yanayopingana. Nikitaka kumfundisha mtu kipimo hiki siku hizi namtafutia kwanza kidoti laini kwenye ngozi ya mgonjwa huyo huyo, maana bila cha kulinganisha nacho jicho la mgeni haliamini linachokiona.

Sababu ya kuzama

Kivimbe hiki huitwa dematofibroma. Ni mkusanyiko wa seli zinazotengeneza nyuzi za ngozi, zikichanganyika na seli za ulinzi na kolajeni nyingi, na makazi yake ni tabaka la kati la ngozi, lile nene linaloipa ngozi nguvu. Hutokea zaidi miguuni chini ya goti, zaidi kwa wanawake, zaidi kati ya miaka 20 na 50. Wengine hukumbuka mdudu, mwiba au mkwaruzo kabla yake, kama mgonjwa wangu; wengi hawakumbuki chochote. Kwa hiyo hadithi ya mdudu niliiandika lakini sikuijengea uamuzi.

Kinachofanya kishimo ni namna nyuzi hizo zilivyofungamana. Pembezoni mwa dematofibroma hakuna ganda linaloitenga na ngozi ya jirani. Nyuzi zake zinaingia katikati ya kolajeni ya kawaida na kuikumbatia, na mara nyingi sehemu ya chini inashuka kuelekea kwenye mafuta. Juu nako ngozi ya nje imeshikana nayo. Fikiria godoro la zamani lililoshonwa kwa vifungo. Ukilisukuma kitambaa pembeni ya kifungo, kitambaa kinapanda na kifungo kinabaki chini, kwa sababu uzi umekishika. Dematofibroma ni kipande kigumu kilichoshikwa chini, na ngozi laini inayokizunguka ndiyo inayopanda.

Kidoti ni jambo lingine kabisa. Hicho ni vikundi vya seli za rangi vilivyokaa katika ngozi bila kuifunga kwa nyuzi ngumu. Kinakwenda na ngozi inakokwenda. Ngozi ikipanda, nacho kinapanda.

Swali lililokuwa likimsumbua daktari kijana lilikuwa zuri: kama si seli za rangi, kahawia yote ile imetoka wapi? Imetoka kwenye paa. Ngozi ya nje iliyo juu ya dematofibroma hunenepa, na safu yake ya chini kabisa hujaza rangi kuliko jirani zake. Kivimbe chenyewe chini yake hakina rangi hiyo. Wakati mwingine huongezeka kutu ya damu iliyovuja humo ndani. Kwa mtu mweupe paa hilo linaonekana la waridi au kahawia hafifu. Kwa mtu wa maji ya kunde au mweusi linaweza kukolea hadi likafanana na kitu cha kuogofya. Ndiyo maana rangi peke yake ilimdanganya dada yake, na kwa kweli ilimdanganya pia aliyeandika rufaa.

Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1977 na madaktari wa ngozi wa Marekani, Fitzpatrick na Gilchrest, kwa lengo hili hili la kusaidia kutofautisha vitu visivyo na madhara na vya hatari miongoni mwa vidude vyenye rangi. Hadi leo wengi hukiita kwa jina la Fitzpatrick.

Kishimo hakijibu kila kitu

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie nami, hasa yule anayewaona wagonjwa. Kishimo kinakuambia kivimbe kimefungwa wapi. Hakikuambii moja kwa moja kwamba si saratani. Zipo melanoma ambazo zimewahi kubonyea vizuri tu, na zipo dematofibroma ambazo hazibonyei: zilizoinuka sana, kubwa, au zilizokaa juu ya ngozi iliyokazwa kwenye mfupa. Kovu dogo gumu nalo linaweza kuzama.

Na kuna mtego ndani ya neno “kigumu.” Tumezoea kufundishwa kwamba kidude laini ni kidoti na kigumu ni dematofibroma, na mara nyingi ni hivyo. Lakini kuna aina ya melanoma inayokua kama kinundu, na sifa zake tatu ni kwamba imeinuka, ni ngumu, na inaendelea kukua. Ugumu basi uko pande zote mbili za uzio. Kinachozitenganisha ni ile sifa ya tatu. Dematofibroma ya kawaida hukua kwa wiki au miezi michache kisha hutulia kwa miaka. Melanoma ya kinundu haitulii. Ndani ya wiki chache mwenyewe anaiona imebadilika. Kwa sababu hiyo ndiyo nilianza na maswali ya lini na kwa muda gani kabla ya kunyoosha vidole. Kama mgonjwa huyu angeniambia kwamba kimeongezeka mara mbili tangu mwezi uliopita, ningekata kipande cha kupima siku ile ile, hata kama kingezama kama kisima.

Upande wa pili kuna kinachokua polepole lakini hakiachi. Ipo saratani ya ngozi adimu, dematofibrosakoma, ambayo huanza kama bamba gumu na kupanuka taratibu kwa miaka, zaidi kwenye kiwiliwili na karibu na mabega na mapaja. Mtu anaweza kukuambia “ninacho miaka kumi, hakina neno,” kumbe kimetoka ukubwa wa kunde hadi ukubwa wa limao. Kivimbe cha namna hii kikivuka sentimita mbili, au kikawa na umbo la vinundu vilivyoungana, sikiiti dematofibroma kwa vidole. Namtegemea mtu wa maabara ya tishu, ambaye pamoja na kutazama umbo la seli atazipaka rangi maalumu: dematofibrosakoma kwa kawaida huitika rangi ya CD34, protini iliyo juu ya seli, na dematofibroma kwa kawaida haiitiki.

Kwa mguu, nafikiria pia saratani ya Kaposi, hasa pale ngozi nyeusi inapoificha rangi ya zambarau na kuifanya ionekane kahawia. Kaposi mara nyingi huja na mabaka zaidi ya moja, wakati mwingine mguu ukiwa umevimba, na hakuna kile kifungo kimoja kilichoshonwa. Na dematofibroma zenyewe zikitokea nyingi ndani ya miezi michache, swali linahama kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye kinga ya mwili, ndiyo maana niliuliza habari za lupasi, VVU na dawa.

Kwa mgonjwa huyu historia ilikuwa ya kutulia, kidude kilikuwa kimoja, kidogo, chenye mpaka unaoeleweka, na kilizama pande zote mbili. Niliongeza kitu kimoja: nikakitazama kwa dematoskopu, kile kioo cha kukuzia chenye taa yake. Katikati palikuwa na eneo jeupe lenye sura ya kovu, na kulizunguka wavu mwembamba wa mistari ya kahawia uliofifia taratibu kuelekea ukingoni. Hiyo ndiyo sura inayojulikana zaidi ya dematofibroma. Weupe ule ni zile nyuzi zilizobanana, na wavu ni lile paa lenye rangi. Hapakuwa na mistari minene iliyokatika ghafla, wala rangi ya bluu, wala weusi uliokaa upande mmoja. Vidole na kioo vilisema jambo moja.

Kukata au kuacha

Nilimweleza kwamba sikuona sababu ya kukikata. Hakufurahi. Alikuwa amejiandaa kwa wembe, na kuambiwa kiachwe kulimfanya ahisi kama hakusikilizwa.

“Lakini kama hakina faida, si kitolewe tu?”

Ni swali la haki, nikaona nimpe hesabu badala ya maneno ya kumtuliza. Kivimbe ni milimita 7 kwa upana. Kukitoa chote ninahitaji ukingo wa milimita 2 kila upande, kwa hiyo jumla 11. Ili jeraha lifunge bila kukunjamana mwishoni, ninakata umbo la jicho, na urefu wake huwa kama mara tatu ya upana. Hiyo ni milimita 33. Na lazima nishuke hadi kwenye mafuta, kwa sababu kivimbe kinashuka. Nilichukua kalamu nikamchorea jicho hilo mguuni kwa ukubwa wake halisi, kile cha kahawia kikiwa katikati.

Aliutazama mchoro muda mrefu. Mguu wa chini hupona polepole, nyuzi za kushonea hukaa karibu wiki mbili, na kovu la mahali pale hupenda kupanuka. Wenye mwelekeo wa makovu ya kuvimba wana hatari zaidi. Alikuwa anabadilishana alama ya milimita 7 kwa alama ya zaidi ya sentimita tatu.

“Na kukikwangua juu tu? Yule wa kwanza aliniambia ni dakika mbili.”

Hilo ndilo lililokuwa limependekezwa alikotoka, na hilo ndilo ningelizuia kwa nguvu zaidi. Kukwangua kunaondoa paa na kuacha kifungo. Ugumu unabaki, rangi hurudi mara nyingi, na sasa panakuwa na kovu juu ya kivimbe, kiasi kwamba atakayekitazama mwaka ujao hawezi tena kusoma ile sura safi tuliyoiona kwenye kioo. Na ikiwa kumbe ni melanoma, kipande cha juu juu kinamnyima mtu wa maabara kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani kina cha uvimbe, kwa sababu kina ndicho kinachoamua matibabu. Kama kuna shaka ya kweli, kivimbe kidogo cha namna hii hukatwa chote hadi kwenye mafuta, na chote kinapelekwa maabara. Kama hakuna shaka, hakikatwi nusu nusu.

Kuna wagonjwa ninaokubaliana nao kukitoa. Kinachouma kila siku, au kinachokatwa na wembe kila wiki, au kinachomnyima mtu usingizi kwa hofu isiyoisha hata baada ya kuelezwa. Hizo ni sababu za kutosha mradi mtu ameliona jicho la kalamu mguuni mwake kabla ya kukubali. Mgonjwa huyu aliamua kusubiri. Nilimpiga picha ya kivimbe kwa simu yake mwenyewe, rula ikiwa pembeni na taa ikiwa ya ubavu, nikamwambia arudie picha hiyo kila baada ya miezi mitatu, rula ile ile, bila kukiminya kila siku. Anayekiminya kila siku hukiwasha, kikavimba na kumtisha.

Nilimwambia pia nini kimrudishe kabla ya muda: kikikua kwa kuonekana kwenye rula, kikitoa damu bila kuguswa, kikifanya kidonda, au rangi ikianza kukolea upande mmoja na kuacha mwingine.

Mwezi wa nne baada ya siku ile alirudi, uso umemjaa wasiwasi. Kilikuwa na gamba jeusi juu, na soksi yake ilikuwa na alama ya damu. Daktari kijana alinitazama. Nadhani sote wawili tulikumbuka orodha niliyompa. Nikamuuliza kilianzaje. Juzi yake alikuwa amenyoa, wembe ukakipiga. Niliona mkato mwembamba wa mstari mmoja ukipita juu ya kivimbe na kuendelea milimita chache kwenye ngozi nzima ya pembeni. Kidonda cha kivimbe chenyewe hakiendelei hivyo nje ya mipaka yake. Wembe ndio unaochora mstari ulionyooka. Rula ilisoma 7 kwa 6.

Sikutumia kishimo siku ile. Ngozi iliyovimba kwa jeraha haisemi ukweli, na kuikanda kungemuumiza bure. Nilimwambia akisafishe kwa maji na sabuni, akipake mafuta mazito ya kulainisha, asinyoe hapo, na arudi baada ya wiki nne. Tarehe niliiandika kitabuni mwangu na si kwake tu, kwa sababu kuahirisha kuna hatari yake: jeraha la wembe hupona katika muda huo, na lisilopona katika wiki nne linakatwa na kupelekwa maabara, liwe na maelezo mazuri kiasi gani. Hilo nalo nilimwambia wazi.

Alirudi siku ile ile niliyoiandika. Gamba lilikuwa limeanguka, ngozi imefunga, rangi imebaki sawa pande zote. Nikamwachia daktari kijana nafasi. Alivuta taa ubavuni, akamwambia, “Dada, kunja goti kidogo,” akapangusa mafuta kwa pamba, akaweka vidole mbali na ukingo, akasukuma polepole. Kikazama. Akageuza vidole robo mzunguko, kikazama tena. Kioo kikaonyesha doa jeupe katikati na wavu wake ukiwa mahali pake.

Kwenye faili aliandika kwa mkono wake: 7 kwa 6, kigumu, hakijaongezeka, kimebonyea pande mbili, vidole nje ya ukingo. Hayo maneno manne ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, sikumwambia. Mgonjwa alishusha sketi, akauliza kama sasa anaweza kunyoa. Nikamwambia anyoe kwa kukizunguka.